Jina la Kiyoruba likivuliwa alama zake

Swali: "Natunza orodha ya majina ya watafiti kwenye hifadhidata, na wengi wao ni Wayoruba. Baadhi ya majina yamekuja na vistari juu na nukta chini ya herufi, mengine ni herufi tupu. Mwenzangu anataka tuziondoe alama zote ili orodha ifanane, anasema ni mapambo ya maandishi. Je, jina linapoteza nini hasa? Na tukishaziondoa, zinaweza kurudishwa baadaye?"

Jibu:

Hazirudi, na kwa sababu hiyo msiziondoe. Kompyuta inaweza kuligeuza jina Ọpẹ́ liwe Ope mara moja, lakini hakuna kanuni ya kuligeuza Ope lirudi kuwa Ọpẹ́, kwa kuwa maneno kadhaa yasiyohusiana yote yakivuliwa alama huishia kwenye herufi hizohizo tatu. Kabla ya kufika kwenye hifadhidata yenu, ni vizuri kuona alama zenyewe zinafanya kazi gani, kwa maana mnachoita "alama" ni vitu viwili tofauti.

Kiyoruba kina toni tatu. Toni ya juu huandikwa kwa kistari kinachopanda kuelekea kulia, kama katika á. Toni ya chini huandikwa kwa kistari kinachoshuka, kama katika à. Toni ya kati haiwekewi alama. Wanaojifunza lugha hiyo hufundishwa kuziimba kama noti za muziki: toni ya chini ni dò, ya kati ni re, ya juu ni mí. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuisoma toni hata kama huijui lugha yenyewe, nami nitaitumia hapa.

Nukta haihusiani na toni. Irabu ẹ na ọ hutamkwa mdomo ukiwa umefunguka zaidi kuliko e na o, na ṣ ni sauti ambayo sisi tunaiandika sh. Alfabeti ya Kiyoruba ina herufi 25, na hizi tatu zimo ndani yake kama herufi kamili zenye nafasi zao. Anayefuta nukta amebadilisha herufi ya jina, na anayefuta kistari amefuta toni yake. Orodha inayosafishwa kwa amri moja ya kompyuta hufanyiwa yote mawili kwa pamoja.

Tulichukue jina hilohilo, Ope, tuone limebaki na nini. Kwa kuwa nukta zimeondoka, irabu ya kwanza yaweza kuwa o au ọ, na ya pili e au ẹ. Lakini katika neno moja la Kiyoruba lisilounganishwa, o na e huenda pamoja, na ọ na ẹ huenda pamoja, hazichanganywi, kwa hiyo zinabaki jozi mbili. Kwa upande wa toni, nomino ya Kiyoruba inayoanza kwa irabu haianzi kwa toni ya juu, hivyo irabu ya kwanza ina nafasi mbili na ya pili ina tatu. Jozi mbili mara toni sita ni matamshi 12 yanayowezekana nyuma ya herufi tatu. Si yote 12 ni maneno halisi, ila angalau matatu ni maneno ya kila siku. Ọpẹ́, yaani re mí, ni shukrani, na hili ndilo jina la mtu. Ọ̀pẹ, dò re, ni mchikichi. Òpè, dò dò, ni mtu mjinga asiyejua kitu. Mshereheshaji anayesoma Ope kwenye karatasi mbele ya ukumbi, bila kujua, anaweza kumwita mwenye shukrani mjinga, na kila Myoruba aliyekaa pale atalisikia.

Jina Ife liko hivyohivyo. Ìfẹ́, dò mí, ni upendo, na limo katika majina mengi kama Ìfẹ́olúwa. Ifẹ̀, re dò, ni mji, ule wa Ilé-Ifẹ̀. Ife, re re, ni kikombe. Mtu huitwa kwa la kwanza. La pili ni la kuandikwa kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa. La tatu halimhusu kabisa.

Mwenzako anaweza kujibu kwamba hata Kiswahili kina barabara ya kupita magari na barábara ya jambo lililokaa sawasawa, tunaziandika vilevile na hatupotei. Ni kweli, lakini hatupotei kwa sababu neno linakuja ndani ya sentensi, na sentensi inatuonyesha lipi ni lipi. Wayoruba nao husoma magazeti yenye alama chache, wala hawakwami, kwa sababu hiyohiyo. Jina ndani ya jedwali halina sentensi inayolizunguka. Kushoto kuna namba ya mtu, kulia kuna tarehe ya kuzaliwa, na hakuna neno lolote la kumsaidia msomaji. Kile ambacho muktadha hufanya katika maandishi ya kawaida, kwenye kumbukumbu hufanywa na alama peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo huwaponyoka hata wahariri wazoefu. Kwa kuwa toni ya kati haiandikwi, irabu isiyo na alama katika jina lililoandikwa kamili inasema kitu: inasema re. Katika jina lililovuliwa, irabu ileile tupu haisemi chochote. Ukiona "Ọpẹ" yenye nukta bila kistari, linaonekana kama jina lililokamilika, lakini ukilisoma kwa kanuni unapata re re, ambayo si shukrani. Jina lenye nukta tu bila toni linapotosha kwa urahisi kuliko jina tupu, kwa sababu jina tupu angalau linamtahadharisha msomaji. Uandishi huo wa nukta bila toni ni wa kawaida sana na si kosa la mwenye jina. Ila hifadhidata lazima ijue ni ipi kati ya hali tatu iliyo nayo: alama kamili, nukta tu, au tupu. Nitarudi hapo.

Majina marefu yana undani zaidi, kwa sababu jina la Kiyoruba mara nyingi ni sentensi nzima iliyobanwa. Angalia haya matatu: Olúfẹ́mi, Adéyẹmí, Akínwùmí. Yote yanaishia na neno lilelile, "mimi" anayetendewa: Bwana ananipenda, taji linanifaa, ushujaa unanipendeza. Lakini la kwanza linaishia na mi isiyo na kistari, na mengine mawili yanaishia na mí. Mhariri anayependa mambo yafanane ataona hapo ni uzembe wa tahajia na kuyasawazisha. Si uzembe. Kiwakilishi hicho hupata toni yake kutokana na kitenzi kilichokitangulia: baada ya kitenzi cha toni ya juu, kama fẹ́, kinakuwa cha kati, na baada ya kitenzi cha toni ya kati kama yẹ au ya chini kama wù, kinapanda juu. Ukiongeza kistari kwenye Olúfẹ́mi au ukikiondoa kwenye Adéyẹmí umevunja sarufi ya jina.

Tazama pia kilichotokea mwanzoni mwa Akínwùmí. Neno akin, ushujaa, likiwa peke yake ni re re. Ndani ya jina limekuwa Akín, re mí. Mfalme naye ni ọba, re re, lakini jina ni Ọbáfẹ́mi, mfalme ananipenda. Kiyoruba hupandisha toni ya mwisho wa kiima kinapofuatwa na kitenzi, na kupanda huko ndiko kunakosema kwamba hapa pana sentensi, fulani anafanya jambo, na si nomino mbili zilizowekwa bega kwa bega. Kistari kimoja juu ya a ndicho kinachobeba taarifa hiyo yote.

Jina Bọ́láńlé linaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi. Ndani yake mna bá, kukuta, ọlá, heshima na neema, na ní ilé, nyumbani: aliyezaliwa akaikuta neema nyumbani. Maneno yalipoungana, irabu a ya bá ilidondoka lakini toni yake ya juu haikudondoka. Ilihamia kwenye ọ iliyofuata, ambayo peke yake ingekuwa ya kati. Kistari kilicho juu ya ọ ya Bọ́ ndicho kitu pekee kilichobaki cha irabu iliyopotea. Kisha kuna ń. Hiyo ni ní iliyofupishwa, na ni silabi kamili yenye toni yake: Bọ́-lá-ń-lé, silabi nne, mí mí mí mí. Liandike Bolanle na msomaji atalikata Bo-lan-le, silabi tatu, kwa kuwa katika tahajia ya Kiyoruba "an" baada ya konsonanti ni irabu moja inayotamkwa puani. Hapo hata idadi ya silabi za jina imebadilika.

Na kuna majina ambayo toni ikipotea huchanganya mtu na mahali. Ogun katika kumbukumbu inaweza kuwa Ògún, dò mí, mungu wa chuma, ambaye jina lake linaanza majina mengi ya ukoo na kuonyesha ibada au kazi ya ukoo huo. Inaweza kuwa Ògùn, dò dò, mto ambao jimbo la Ogun nchini Nigeria lilipewa jina lake lilipoundwa mwaka 1976. Ogun, re re, ni vita, na ndiyo iliyofichika ndani ya Olúṣẹ́gun, ambako ṣẹ́ na ogun zimeungana kuwa "kushinda". Mtafiti anayetafuta koo zilizokuwa na uhusiano na ibada ya Ògún kwa kupekua orodha tupu ataokota pamoja nazo mambo ya mto na ya jimbo bila kujua.

Hata hivyo, si kila jina huumia sawa, na ukijua hilo utajua pa kuanzia kazi. Ajayi bila alama halimpi taabu anayeijua lugha: ni Àjàyí tu, jina la mtoto aliyezaliwa akiwa kifudifudi. Taiwo ni Táíwò, pacha aliyetangulia. Majina marefu ya sentensi nayo hujilinda kiasi, maana muundo wake hubana uwezekano. Opeyemi likiwa zima, anayejua Kiyoruba ataona "yemi" mwishoni, ataelewa ni yẹ mí, na atalifikia Ọpẹ́yẹmí, shukrani inanifaa. Balaa liko kwenye majina mafupi: vifupisho kama Ope, Ife na Ola, na majina ya ukoo ya silabi mbili. Ojo ni mfano mchungu. Òjó, dò mí, ni jina la mvulana aliyezaliwa kitovu kikiwa kimemzunguka shingo. Òjò ni mvua, ọjọ́ ni siku, na ojo, re re, ni mwoga. Jina lililokuwa linahifadhi habari ya namna mtoto alivyozaliwa linaweza kusomwa kama tusi.

Mtu anaweza kuuliza mbona Wachina huandika majina yao kwa herufi za Kilatini bila toni kwenye pasipoti na dunia haisimami. Tofauti ni kwamba jina la Kichina lina asili yake kwenye maandishi ya Kichina, na herufi za Kilatini ni kivuli chake. Kivuli kikipungukiwa, asili ipo. Kwa Kiyoruba, maandishi ya Kilatini ndiyo asili. Kivietinamu kiko upande huohuo wa Kiyoruba: Dũng, jasiri, kwa kawaida ni jina la mwanamume, na Dung kwa kawaida ni la mwanamke. Ukiondoa alama ya Dũng umepoteza maana, na pia umepoteza dalili ya jinsia ambayo msomaji wa Kivietinamu angeipata papo hapo.

Sasa tuje kwenye hifadhidata. Sababu kubwa inayotolewa ya kuondoa alama ni pasipoti, na ina ukweli wa nusu. Kanuni za kimataifa za hati za kusafiria, zile za waraka namba 9303 wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinasema mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine iwe na A hadi Z, tarakimu na alama ya < tu. Kila mstari una nafasi 44. Kwenye mstari wa kwanza Ajayi Ọpẹ́yẹmí ataandikwa hivi:

```
P<NGAAJAYI<<OPEYEMI<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Lakini kanuni hizohizo zinaruhusu alama kwenye sehemu ya juu ya ukurasa, ile inayosomwa na binadamu. Mistari ya chini ni nakala ya kazi maalumu. Tatizo huanza pale taasisi inapochukua nakala hiyo na kuifanya ndiyo jina.

Kwa hiyo tengenezeni safu tatu kwa kila mtu. Ya kwanza ni jina kama mwenyewe anavyoliandika, na hii haiguswi na programu yoyote ya kusafisha. Ya pili ni jina kama lilivyo kwenye hati yake rasmi, hata kama ni tupu. Ya tatu ni ufunguo wa kutafutia, herufi ndogo zisizo na alama, ambao kompyuta huutengeneza yenyewe kutoka safu ya kwanza na hauonyeshwi kwa mtu. Mwenzako anachokitaka, yaani orodha inayotafutika hata na asiye na kibodi ya Kiyoruba, kinapatikana kwenye safu hii ya tatu bila kuharibu kitu. Ongezeni na safu ndogo ya hali niliyoitaja: kamili, nukta tu, au tupu.

Kabla ya kuhifadhi, jina lisawazishwe kwa namna moja ya Unikodi, mfumo wa kimataifa unaozipa herufi na alama namba zake. Herufi ọ́ haina namba yake moja. Huundwa na ọ, ambayo ni U+1ECD, ikifuatiwa na kistari U+0301. Lakini mtu mwingine ataandika o, kisha nukta, kisha kistari, au kistari kwanza halafu nukta. Machoni ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni vitu vitatu, na mtu mmoja atajitokeza mara tatu kwenye orodha. Umbo la NFC linazileta zote kuwa moja. Kuna mtego mmoja ambao NFC haiutegui: baadhi ya watu hutumia kistari kidogo cha wima chini ya herufi, U+0329, badala ya nukta, U+0323. Unikodi inavihesabu kuwa alama mbili tofauti, hivyo lazima mvibadilishe wenyewe, na iwe kwa majina ya Kiyoruba tu.

```python
import unicodedata as u

def hifadhi(jina):
    return u.normalize("NFC", jina.replace("\u0329", "\u0323"))

def ufunguo(jina):
    d = u.normalize("NFD", jina)
    return "".join(c for c in d if not u.combining(c)).lower()
```

Kazi hii ya `ufunguo` inatosha kwa Kiyoruba. Kwa Kivietinamu itaiacha Đ ilivyo, kwa kuwa herufi hiyo haivunjiki kuwa D na alama, kwa hiyo iongezeeni kanuni yake. Na kwa Kiyoruba kumbukeni tahajia ya sh: Ṣọlá yuleyule kwenye cheti kimoja ni Sola na kwenye kingine ni Shola. Ufunguo utampata wa kwanza na kumkosa wa pili, hivyo wekeni nafasi ya tahajia mbadala.

Jambo linalofuata ni ukubwa wa safu. Ọpẹ́yẹmí ina herufi saba kwa jicho, lakini katika UTF-8, namna ya kawaida ya kompyuta kuhifadhi Unikodi, ni baiti 16, na herufi moja kama ẹ́ hula baiti 5. Mfumo unaopima safu kwa baiti utalikata jina katikati, na wakati mwingine utakata kistari na kuacha herufi, jina likabaki na sura ya kuaminika lakini toni si yake. Pimeni kwa herufi, au wekeni nafasi mara tano ya herufi mnazotarajia. Na msiweke sharti la jina kutojirudia kwenye safu inayolinganisha bila kuangalia alama. Katika programu ya hifadhidata ya MySQL 8, mpangilio wa kawaida `utf8mb4_0900_ai_ci` unaichukulia Ọpẹ́ na Òpè kuwa neno moja, na utamkataa mtu wa pili. Safu ya jina halisi iwe `utf8mb4_0900_as_cs`.

Kuhusu majina yaliyokwisha kuharibika, kwanza angalieni ni uharibifu wa aina gani, kwa sababu mmoja unatibika na mwingine hautibiki. Jina likianza na kitu kama `á»Œp`, data yenyewe ni nzima: ni UTF-8 iliyosomwa kwa usimbaji wa zamani wa Ulaya Magharibi. Ifungueni upya kwa usimbaji sahihi kabla mtu hajaihifadhi juu yake, na Ọp itarudi. Hutokea sana faili la CSV linapofunguliwa kwenye Excel kwa kulibofya tu, kwa hiyo litoeni kama `CSV UTF-8 (Comma delimited)` na kulifungua kwa njia ya kuingiza data. Lakini mkiona `?p??y?mí`, hapo jina lilipita kwenye mfumo usiozijua ọ na ẹ, nao ukazitupa. Tazameni í ya mwisho imepona, kwa sababu usimbaji ule wa zamani una í ila hauna herufi za nukta. Alama ya kuuliza ikishahifadhiwa, kilichokuwa pale hakipo tena popote ndani ya faili. Rudini kwenye chanzo.

Na chanzo bora ni mwenye jina. Tuseme mnaye "Ope Ojo" kwenye orodha, hali yake tupu. Tafuteni kwanza hati nyingine yenye jina refu. Mkikuta Opeyemi, sehemu ya kwanza imejibana kwa muundo kuwa Ọpẹ́yẹmí, na kamusi ya mtandaoni ya YorubaName.com, yenye majina na sauti zake, itawaonyesha tahajia. Ojo haijibani. Msichague Òjó kwa sababu ndilo linaloelekea kuwa sahihi, muulizeni. Wengi hulitamka jina lao bila kosa lakini hawajawahi kuliandika kwa alama, hivyo ukiwaomba waliandike utapata lilelile tupu. Waombeni walitamke polepole, mrekodi sekunde chache kwa ridhaa yao, kisha Myoruba anayeijua othografia aisikilize na kuiandika: dò mí, basi ni Òjó. Mrudishieni mwenyewe athibitishe ndipo mbadilishe hali kuwa kamili. Akisema anapenda Ojo bila alama, basi Ojo tupu ndiyo jina lake kwenye safu ya kwanza, na matamshi yakae kwenye safu ya maelezo.

Kwenye ukaguzi wa haraka kuna dalili mbili ambazo hata asiyejua Kiyoruba anaweza kuzitumia. Jina linaloanza kwa irabu yenye kistari cha kupanda, kama "Ádé", huenda lina kosa. Na neno fupi linalochanganya herufi ya nukta na isiyo na nukta kati ya e na o, kama "Ọpe", huenda limepoteza nukta moja njiani. Kwenye jina refu dalili hii ya pili haina nguvu, maana maneno yaliyoungana kila moja huja na irabu zake.

Mwisho, kabla ya kuchapisha vitambulisho au vyeti, chapeni mstari mmoja wa majaribio kwa fonti ileile na kwenye mashine ileile: `Ọ̀ṣun Bọ́láńlé Ẹ̀ṣọ́ ǹ`. Tazameni Ọ̀ na Ẹ̀ hasa. Fonti isiyopangwa vizuri hukisogeza kistari kikaangukia herufi inayofuata, au hukichora juu ya kingo ya herufi kubwa kikapotea, au huweka kisanduku tupu mahali pake. Yakitokea hayo, badilisheni fonti na mwache jina lilivyo.